Kiokoa data hakibani ukurasa

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye saiba moja karibu na stendi ya matatu hapa Nakuru, nikisubiri karatasi zangu zichapishwe, pale mama mmoja alipoingia na simu mkononi akilalamika kwamba fomu ya maombi ya basari ya mwanawe imekataa kutumwa. Kijana wa saiba hakuitazama hata simu yenyewe. Alimwambia, "Mama, zima data saver." Mama akaingia kwenye mipangilio ya simu, akaizima, akarudi kwenye fomu, akaijaza upya, na kitufe cha mwisho kikabaki na rangi yake ya kijivu vilevile. Huo ni ushauri ambao nimeusikia mara nyingi mno, na kila mara unamgharimu mtu bando bila kumsaidia, kwa sababu jina hilo moja limebebeshwa vitu viwili visivyofanana.

Kiokoa data cha simu, kile kilichoingia katika Android 7.0 mwaka 2016, huzuia programu ambazo huzitumii kwa wakati huo zisile data kimyakimya. Programu unayoitazama inaruhusiwa kuendelea, ingawa inaweza kuagiza data mara chache zaidi, na nyingine huacha kuonyesha picha mpaka uziguse. Hali ya kubana data ni jambo jingine kabisa, na makao yake ni ndani ya kivinjari: ukiomba ukurasa, ombi hupitia kwa seva iliyo katikati, seva hiyo huuchukua ukurasa, huupunguza uzito, kisha hukuletea kilichobaki. Kiokoa cha simu hakibani kitu chochote.

Nadhani mkanganyiko huu umetokana na Kiingereza, ambacho hutumia kitenzi kimoja tu, "save", mahali ambapo sisi tuna vitenzi vitatu. Kuokoa ni kumtoa mtu au kitu katika hatari. Ndiyo maana huduma ya kukopeshwa salio ikaitwa Okoa Jahazi, kwa kuwa jahazi linaelekea kuzama na mtu anakuja kulinusuru. Kuweka akiba ni kukitenga kitu leo ili ukikute kesho. Kubana ni kukifinya kitu kiingie pembamba, kama mtu anavyobana matumizi, au kama tunavyobana magunia kwenye pikapu mpaka mlango ufungike. Simu zetu, zikiwekwa katika Kiswahili, husema "Kiokoa Data", na jina hilo linafaa kwa kazi yake, kwa sababu kweli kinaliokoa bando lisiliwe na programu ambazo huzioni. Lakini kinachofanywa na kivinjari si kuokoa. Ni kubana, na kitu kikibanwa hakitoki kama kilivyoingia: gunia la nyanya likibanwa sana, utazifikisha sokoni, ila hazitakuwa nyanya zilezile ulizochuma. Ningependa sana tulishike neno hilo, kwa kuwa ndani yake mna onyo ambalo neno "kuokoa" halina.

Jina la "lite" nalo limezidisha ukungu. Ni neno la wepesi lililoandikwa kwa tahajia ya kibiashara, na husemwa kana kwamba kila kivinjari kina kitufe cha jina hilo. Chrome ilikuwa na hali ya kubana iliyoitwa Data Saver, ikabadilishwa jina kuwa Lite mode mwaka 2019, kisha ikaondolewa kabisa mwaka 2022. Kwa hiyo anayemwambia mwenzake leo akaizime Lite mode kwenye Chrome anamtuma kutafuta kitu ambacho hakipo tena.

Nirudi kwa yule mama. Kivinjari chake kilikuwa kimewekwa katika kiwango cha juu kabisa cha kubana. Fomu yenyewe ilitaka nambari ya kitambulisho, na walioitengeneza waliipangia hesabu: kila tarakimu inapochapwa, ukurasa unahesabu, na nambari ikitimia ndipo kitufe cha kutuma kinapowaka. Hesabu hiyo hufanywa na programu ndogo iliyomo ndani ya ukurasa. Katika ubanaji wa kiwango hicho, programu hiyo haifiki kwenye simu; huendeshwa kule kwenye seva ya katikati kwa muda mfupi, kisha seva huleta matokeo, ambayo ni kama picha ya ukurasa iliyowekewa sehemu za kugusa na kuandikia. Mama alipokuwa akichapa tarakimu zake, zilibaki kwenye simu, na seva haikuwa na habari ya hata moja. Aliyepaswa kuhesabu hakusikia kitu, basi kitufe kikaendelea kulala.

Picha ziliharibika kwa njia mbili tofauti. Juu ya ukurasa palikuwa na tangazo lililopigwa skani, lenye orodha ya nyaraka za kuambatisha, na maandishi yake yalikuwa yamevimba na kushikana, kwa kuwa ukibana picha sana kinachotangulia kupotea ni kingo nyembamba, na herufi ni kingo tupu. Chini zaidi palikuwa na visanduku vya kijivu ambavyo havikupata picha kamwe. Tovuti nyingi husubiri msomaji ashuke ndipo zilete picha za chini. Kushuka huko kulitokea kwenye simu, na seva haikukuona.

Nilimwomba mama aniruhusu nijaribu jambo moja. Tulikiwasha tena kiokoa data cha simu, kisha tukaufungua ukurasa uleule kwa kivinjari kingine kisichobana. Alipomaliza tarakimu ya mwisho, kitufe kiliwaka mbele ya macho yetu. Hilo ndilo jaribio ninalolipendekeza, kwa sababu linaonyesha mkosaji bila kubahatisha. Kama kitufe kingekataa hata huko, basi kasoro ingekuwa ya tovuti, au ya namna fomu ilivyojazwa.

Anayetumia Opera Mini, ambayo ilienea duniani mwaka 2006 kwa ajili ya simu ambazo hazikuwa na nguvu ya kufungua ukurasa mzima, hahitaji kuiacha. Aingie kwenye menyu, aguse Data savings, ahame kutoka Extreme hadi High, kisha aupakie ukurasa upya. Katika High ukurasa hujengwa na simu yenyewe, na programu zake hufanya kazi karibu kama kawaida, ingawa data itatumika zaidi. Afanye hivyo kabla ya kuanza kujaza, maana kupakia upya kunaweza kufuta yote aliyokwisha kuandika. Na kwa ukurasa wa benki, au wowote unaodai nywila, ni heri kutumia kivinjari kisichobana tangu mwanzo: katika Extreme seva ya katikati hulazimika kuufungua ukurasa ili iweze kuubana, hata kama tovuti imesimba mawasiliano yake, na kampuni yenyewe huwaambia watumiaji wake hivyo.

Kijana wa saiba alikuwa na nia njema, na nilimweleza hayo taratibu wakati karatasi zangu zikitoka kwenye printa. Nilimwomba tu kwamba mteja mwingine akija na fomu iliyokwama, kabla ya kumtuma kwenye mipangilio ya simu, amuulize kwanza: "Umeifungua kwa kivinjari gani?"