Barua ya dizeli ya mwaka: anzeni na saa za mashine, na oili ipewe mstari wake

Kila mwaka napitia barua za kamati za maji za vijiji kabla hazijaenda kwa wafadhili. Natazama hesabu, kisha naandika kama inakubalika. Kasoro ninayokutana nayo ni ileile karibu katika barua zote: dizeli imeombwa kuliko inavyohitajika, na oili imechomekwa mwishoni kwa kukisia. Mfadhili akikata dizeli, mara nyingi hakuna kinachoharibika kwa sababu ilikuwa imezidi. Akiipitisha oili kama ilivyoandikwa, injini inaweza kufa kabla mwaka haujaisha.

Nichukue kijiji kimoja cha Handeni chenye watu wapatao 1,900. Kina kisima kirefu, pampu ya kuzama inayoendeshwa na jenereta ndogo ya dizeli, tenki kilimani na vituo vya kuchotea maji. Barua yao ya kwanza ilisema hivi: "Tunaomba dizeli lita 20 kwa siku, kwa siku 365, jumla lita 7,300, pamoja na oili lita 20."

Nilimuuliza katibu hiyo 20 ameipata wapi. Akajibu, "Mhandisi, tunanunua dumu moja pale Mkata, bodaboda analeta, opareta anamimina. Likiisha tunaagiza jingine." Sikumlaumu, maana ndivyo vijiji vingi vinavyofanya. Ila dumu ni chombo cha kubebea tu. Hakuna aliyekuwa ameandika lile dumu lilimalizika baada ya mashine kunguruma saa ngapi, na injini hula dizeli kwa saa, haihesabu siku.

Basi tukaenda kwenye kibanda cha mashine tukapima. Jenereta ilikuwa na mita ya saa, kioo kimejaa vumbi na mafuta. Opareta, mzee aliyekaa na mashine ile tangu ilipofungwa, akakifuta kwa kitambaa mpaka namba zikaonekana. Tulijaza tenki la dizeli hadi shingoni, tukatia alama kwa kalamu, tukawasha, tukaifungulia pampu ifanye kazi yake ya kawaida ya kupandisha maji kilimani. Baada ya saa 5 kamili kwenye mita tukazima, tukasubiri ipoe, kisha tukarudishia dizeli kwa jagi la lita moja mpaka ilipogusa ile alama. Yaliingia majagi kumi na nusu. Lita 10.5 kwa saa 5 ni lita 2.1 kwa saa.

Kipimo hiki hakina gharama, lakini kina masharti. Jenereta isihamishwe wala kuinamishwa kati ya kujaza mara ya kwanza na mara ya pili. Pampu iwe inasukuma maji hadi kwenye tenki, kwa sababu injini isiyobeba mzigo hula kidogo na itawadanganya. Na kirudiwe maji ya kisima yanaposhuka mwishoni mwa kiangazi, maana pampu ikivuta kutoka chini zaidi hutoa maji machache kwa saa ileile, na mtalazimika kuiendesha kwa muda mrefu zaidi.

Zikabaki saa. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku. Watu 1,900 wanahitaji lita 47,500. Mita ya maji pale kisimani ilionyesha pampu inatoa lita 8,000 kwa saa, kwa hiyo saa 6 zinatosha. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, watu hukinga maji ya mvua kwenye mabati, na daftari la opareta lilionyesha mashine haikuzidi saa 3 kwa siku. Vuli hatukuipunguzia saa, kwa kuwa kule haiaminiki.

Siku 92 za masika kwa saa 3 ni saa 276. Siku 273 zilizobaki kwa saa 6 ni saa 1,638. Jumla ni saa 1,914 kwa mwaka, na kwa lita 2.1 kila saa tunapata kama lita 4,020. Barua ilikuwa imeomba 7,300. Lita 3,280 hazikuwa na kazi, na mfadhili mwenye fundi wake angeziona mara moja. Akishaliona hilo, hata lile mnalolihitaji kweli atalitilia shaka.

Sasa oili, ambayo ndiyo inayonikosesha usingizi. Dizeli ikiisha mashine inazima na kijiji kizima kinajua. Oili ikichoka, mashine inaendelea kunguruma vilevile huku beringi na ringi za pistoni zikilika kimyakimya. Injini ya kijiji kile inachukua oili lita 6, na kitabu chake kinataka imwagwe na kubadilishwa kila baada ya saa 250. Gawanya 1,914 kwa 250, utapata mara 7 na zaidi ya nusu, kwa hiyo tuliandika mara 8. Hizo ni lita 48. Wao walikuwa wameomba lita 20 kwa mwaka, ambazo hazifiki hata mabadiliko manne.

Juu ya hapo ipo oili ya kuongezea. Opareta alisema kila baada ya saa kama 50 huongeza nusu lita ili kijiti cha kupimia kirudi kwenye alama ya juu. Kwa saa 1,914 hiyo inakaribia lita 20. Jumla ikawa lita 68, tukaandika 70. Tukaongeza filta za oili 8, moja kwa kila badiliko, kwa sababu oili mpya ikipita kwenye filta chafu imeshachafuka. Filta za dizeli ziliwekwa 4 na za hewa 2, kwa kufuata kitabu kilekile. Wenye injini nyingine wasinakili namba hizi, kila injini ina kitabu chake. Kitabu kikiwa kimepotea, ombeni nakala kwa muuzaji au kwa mhandisi wa maji wa wilaya kabla ya kuandika barua. Na oili iandikwe kwa aina yake, kwa mfano 15W-40 ya injini za dizeli, isiandikwe "oili" tu, la sivyo mnaweza kuletewa ya pikipiki.

Kijiti cha oili kinasema mengi kuliko kiasi. Kisomwe asubuhi kabla ya kuwasha, injini ikiwa baridi na imetulia. Oili kuwa nyeusi ni kawaida ya injini ya dizeli, hilo lisiwatishe. Ikigeuka rangi ya maziwa, maji yameingia. Na kuna dalili ambayo maopareta wengi huifurahia kumbe ni ya hatari, nayo ni oili kupanda bila kuongezwa. Hapo dizeli inavujia kwenye oili na kuifanya nyepesi. Ukinusa kijiti utasikia harufu ya dizeli. Mashine izimwe na fundi aitwe siku hiyohiyo. Moshi wa bluu unaonyesha oili inaungua ndani ya injini, na ule mweusi mzito mara nyingi ni filta ya hewa iliyoziba au nozo mbovu.

Kwa bei, andikeni lita kwanza, fedha baadaye. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na wilaya yenu imo kwenye orodha. Tajeni bei hiyo na mwezi wake, ili bei ikipanda mfadhili aone kwamba lita ni zilezile. Kwa urahisi wa hesabu, tuseme dizeli ni shilingi 3,000 kwa lita na oili shilingi 10,000. Dizeli ya mwaka inakuwa shilingi 12,060,000, na oili shilingi 700,000.

Gawanyeni hizo kwa madumu ya maji. Kwa saa 1,914, pampu inatoa lita 15,312,000, ambazo ni madumu 765,600 ya lita 20. Dizeli iliyomo kwenye dumu moja ni kama shilingi 16. Oili ni chini kidogo ya shilingi moja. Nilipomsomea mhazini namba hiyo alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kumbe tunaiua mashine kwa shilingi moja." Wao walikuwa wakiuza dumu shilingi 20. Zinazobaki ni kama shilingi 3 kwa opareta, mlinzi, filta na matengenezo, hata kama kila dumu lingelipiwa, na si kila dumu linalipiwa. Pengo hilo ndilo sababu ya kweli ya kumwandikia mfadhili, na ndilo linalopaswa kusomeka kwenye barua.

Tuliiandika upya hivi:

"Yah: Ombi la dizeli na oili ya pampu ya kisima kwa mwaka mmoja.

Mashine yetu inahitaji kufanya kazi saa 1,914 kwa mwaka: saa 6 kwa siku, ila masika saa 3 kwa mujibu wa daftari. Kwa kipimo kilichofanyika mbele ya mhandisi, inatumia lita 2.1 kwa saa. Tunahitaji dizeli lita 4,020, oili ya injini 15W-40 lita 70, filta za oili 8, za dizeli 4 na za hewa 2. Tunaomba mchangie nusu ya dizeli, na oili na filta zote. Nusu nyingine ya dizeli tutailipa kwa mauzo ya maji. Mkutano wa kijiji umekubali dumu lipande kutoka shilingi 20 hadi 30. Kila mwezi tutawaletea nakala ya daftari: saa za mashine, lita za dizeli na usomaji wa mita ya maji."

Ahadi ya mwisho ina faida kwa kamati kuliko kwa mfadhili. Kwa namba hizo tatu, kila lita ya dizeli inapaswa kupandisha kama lita 3,800 za maji. Ikishuka hadi 3,000, daftari linaonyesha pa kuanzia kutafuta. Kama maji kwa saa yamepungua na dizeli kwa saa ni ileile, tazameni pampu, mabomba yanayovuja au kina cha maji kisimani. Kama maji kwa saa ni yaleyale na dizeli imepanda, tatizo liko kwenye injini au dizeli inatoka kibandani kwa mlango mwingine. Kabla ya kumshuku opareta, rudieni kile kipimo cha jagi. Kikitoa 2.1 tena, injini ni nzima, basi fuatilieni madumu kuanzia kituo cha mafuta.

Barua ikaondoka na sahihi za mwenyekiti, katibu na mhazini, ikipitia kwa Meneja wa wilaya wa RUWASA, wakala wa maji vijijini. Jibu lilikuja na swali moja tu: kwa nini masika ni saa 3? Katibu akapiga nakala kurasa za Machi hadi Mei za daftari la opareta, zenye madoa ya mafuta pembeni, akazituma.