Kukua kwa kiwanda na gharama ya kila kipande

“Kiwanda kikikua, si kila kitu kinakuwa rahisi?”

Hapana. Tuchukue kiwanda cha kubuni cha sabuni ya mawese mjini Kigoma, kinachoacha pipa la kuchemshia la lita 500 na kufunga la lita 2,000, likisimamiwa na wafanyakazi walewale wawili wanaolipwa jumla ya shilingi 40,000 kwa siku. Vipande vikipanda kutoka 1,000 hadi 4,000, ujira kwa kila kipande hushuka kutoka shilingi 40 hadi 10. Hiyo ni nafuu ya ndani, yaani inayotokana na ukuaji wa kiwanda chenyewe. Zamu zikizidi uwezo wa msimamizi na sabuni ikaanza kuharibika, hasara hiyo nayo ni ya ndani.

Viwanda vingi vikijazana mjini, fundi wa mashine atafungua karakana karibu, na hata mwenye pipa dogo atanufaika. Lakini wote wakigombea mawese yaleyale, bei itampandia hata yeye. Hizo ni nafuu na hasara za nje. Kipimo ni kumtazama jirani ambaye hakujipanua: gharama yake ikibadilika kwa sababu ya ukuaji wa sekta, chanzo kiko nje ya kiwanda.