Je, wajua? Mwiba umechoma mguu, mtoki umetoka kinenani

"Juzi nilikanyaga mwiba wa sato pale mwaloni Kirumba, ukaniingia chini ya kidole gumba cha mguu. Leo kidonda chenyewe hakinisumbui, ila kinenani kumetoka mtoki unaouma nikitembea. Imekuwaje, na huku juu hakuna kilichonichoma?"

Kilichovimba ni tezi limfu. Maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu hukusanywa na mishipa myembamba ya limfu, na ya upande wa kidole gumba hupanda kwa ndani ya mguu hadi kwenye tezi za kinena. Mwiba ungekuchoma kisigino kwa upande wa nje, kituo cha kwanza kingeweza kuwa tezi zilizo nyuma ya goti.

Mwiba ule uliingia na bakteria. Vipande vyao, na chochote kingine ambacho kinga ya mwili inaweza kukitambua, ndivyo tunavyoita antijeni. Baadhi ya antijeni huelea tu ndani ya limfu na kufika kinenani mapema. Nyingine hubebwa. Kwenye ngozi kuna seli za dendriti, zenye matawi marefu, ambazo humeza vipande hivyo, huachia mahali zilipokuwa, kisha huingia kwenye mshipa wa limfu na kupanda navyo. Hizi huchelewa: nyingi hufika baada ya takriban siku nzima.

Kwa nini zijisumbue kusafiri? Kwa sababu kila seli T na kila seli B, seli nyeupe za damu zinazopambana na maambukizi, huzaliwa na kipokezi cha umbo lake, na zinazoweza kushika antijeni fulani ni chache mno. Kwa seli T ambazo hazijawahi kukutana na adui, makadirio ni moja kati ya laki moja hadi milioni moja. Uwezekano wa hiyo moja kuwa mguuni kwako saa ile mwiba unaingia ni kama haupo. Ukimtafuta mtu ambaye lazima avuke kwenda Mwanza, huzunguki Sengerema nzima. Unasimama kivukoni Kamanga. Seli T nazo hupita tezi moja baada ya nyingine, zikikaa humo nusu siku hivi kisha zikiondoka, na antijeni hupelekwa kuzisubiri hapo.

Sasa tuipasue tezi tuone ndani. Ina umbo la maharage na imefungwa kwa ganda gumu. Mishipa kadhaa ya limfu huingilia upande uliobinuka. Chini tu ya ganda kuna uwazi ambamo limfu humwagika, na kwenye sakafu yake wamejipanga makrofaji, seli zinazonasa chembe kubwa kama bakteria mzima. Chini yao kuna mafundo ya mviringo yaitwayo folikuli, na hapo ndipo zinapokaa seli B. Makrofaji hao hawamezi kila kitu. Vingine huvishikilia na kuzikabidhi seli B vikiwa vizima. Ukishuka zaidi unafika kwenye ukanda wa seli T, ambako seli za dendriti zilizotoka mguuni huja kutua. Katikati kabisa, karibu na mlango wa kutokea, kuna eneo la kamba kamba ambalo tutalirudia.

Seli T na seli B zenyewe haziji na limfu ya mguu, au huja kidogo tu. Nyingi huingia kutoka kwenye damu, kupitia vijishipa vya pekee vyenye kuta nene vilivyomo ndani ya ukanda wa seli T. Zikishapenya, kila kundi hufuata harufu yake, kama tukiweza kuiita harufu: protini ndogo zinazoitwa kemokini. Za ukanda wa T huvuta seli T na seli za dendriti, na za folikuli huvuta seli B. Ndiyo maana hazichanganyiki ovyo.

Hapa pana tatizo ambalo mimi huliona tamu kuliko yote. Seli B imeshika antijeni ndani ya folikuli. Seli T imeoneshwa kipande cha antijeni hiyo hiyo ndani ya ukanda wake. Zinahitajiana, lakini kila moja imefungwa na kemokini za kwake. Suluhisho ni kubadilisha vipokezi. Seli B iliyoshika antijeni huongeza kipokezi cha kemokini za upande wa T, ikasogea mpakani. Seli T iliyoamshwa, baada ya kugawanyika kwa siku mbili tatu, huongeza kipokezi cha upande wa B, nayo ikasogea. Zinakutana kwenye mstari wa mpaka. Hapo seli B huonesha kipande cha kile ilichokimeza, na seli T ikikitambua huipa ruhusa ya kuendelea. Seli B iliyoshika kitu kingine haipati ruhusa hiyo.

Baada ya hapo baadhi ya seli B hushuka kwenye zile kamba za katikati na kuwa seli za plazma zinazomwaga kingamwili, protini zinazoinasa antijeni hiyo. Nyingine hurudi ndani ya folikuli, ambako huzaliana kwa kasi huku zikirekebisha vipokezi vyake, na zinazoshika antijeni kwa nguvu zaidi ndizo zinazobakizwa. Kazi hii hushika kasi karibu na mwisho wa wiki ya kwanza.

Kwa hiyo mtoki wako wa siku ya pili haujatokana sana na kuzaliana huko. Tezi imefungua ateri yake, seli nyingi zaidi zinaingia, na mlango wa kutokea umebanwa kwa muda. Ganda linavutika, ndipo maumivu. Mtoki wa namna hii huwa laini kiasi, husogea ukiugusa, na hunywea ndani ya wiki chache. Ukiona mstari mwekundu unapanda mguuni, homa, au ngozi ya kinena imekuwa nyekundu na moto, bakteria wameshapita mguu wenyewe. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Tezi ngumu, isiyouma, isiyosogea na inayokua kwa zaidi ya mwezi nayo haifai kusubiriwa, maana inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi au saratani.

Na bakteria wakipita tezi zote? Limfu ya miguu hatimaye humwagika kwenye mshipa mkubwa wa damu chini ya shingo, upande wa kushoto. Kuanzia hapo kazi ni ya bandama, iliyojificha chini ya mbavu za kushoto. Bandama haina mishipa ya limfu inayoingia. Huletewa damu moja kwa moja. Ndani yake kila ateri ndogo imevikwa ala ya seli T, folikuli za seli B zikiwa zimeegemea pembeni, na mpaka wa kukutania ni ule ule. Kuzunguka vyote hivyo kuna ukingo wenye seli B za aina nyingine, zinazoweza kutoa kingamwili haraka dhidi ya bakteria wenye koti la sukari, kama nyumokoka, bila kusubiri msaada wa seli T.

Huku Kanda ya Ziwa jambo hili lina uzito wake, kwa kuwa watoto wengi huzaliwa na selimundu. Damu yao huziba mishipa ya bandama, na wengi huwa wameipoteza kazi yake kabla ya kufikisha miaka 5. Tezi zao za kinena na kwapa ni nzima, mtoki utawatoka kama kawaida, lakini nyumokoka aliyekwisha kuingia kwenye damu hapiti huko. Ndiyo sababu hupewa penisilini kila siku tangu wachanga pamoja na chanjo ya nyumokoka, na homa kwa mtoto wa aina hii hupelekwa hospitali bila kusubiri kuche.