Kwa nini kliniki hawakubali "kama miezi tisa hivi"?

*"Nikimpeleka mtoto kliniki nikasema ana kama miezi tisa hivi, nesi ananirudisha kwenye tarehe ya kuzaliwa. Tofauti ya wiki mbili tatu ina nini? Na miezi inahesabiwaje hasa?"*

Tumchukue mtoto wa kike aliyezaliwa tarehe 23 Machi 2025, akapelekwa kliniki tarehe 10 Desemba 2025. Mizani inasoma kilo 6.4. Mama anasema ana miezi tisa: Machi mpaka Desemba, si ndiyo tisa?

Kwenye grafu za Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kike ambaye uzito wake uko chini ya mstari wa -2 anahesabiwa kuwa na uzito pungufu. Mstari huo hupita kwenye kilo 6.3 katika miezi 8, na kilo 6.5 katika miezi 9. Kwa hiyo nukta ya huyu binti ikiwekwa kwenye 9, ameanguka chini ya mstari. Ikiwekwa kwenye 8, yuko juu yake, japo kwa chupuchupu. Mtoto ni yuleyule na mizani ni ileile, lakini upande mmoja kuna ushauri na kufuatiliwa kwa karibu, na upande wa pili kuna mama anayeambiwa mwanawe ana uzito pungufu wakati hajafika huko. Kosa la kinyume chake ni baya zaidi: mtoto mkubwa akiandikwa mdogo, grafu humfichia upungufu wake.

Na kadiri mtoto alivyo mchanga ndivyo kosa linavyokuwa ghali. Kwa mtoto wa kike wa wastani, uzito hupanda kutoka kilo 3.2 anapozaliwa hadi 4.2 akitimiza mwezi, kilo nzima. Kati ya miezi 11 na 12 anaongeza kama gramu 200 tu.

Sasa hesabu yenyewe. Tunahesabu miezi iliyotimia, na mwezi hutimia siku inayolingana na tarehe ya kuzaliwa. Toa namba za miezi kwanza: 12 toa 3 ni 9. Kisha tazama tarehe: leo ni 10, na 23 haijafika, basi punguza mmoja. Binti ana miezi 8 na siku 17 (kuanzia 23 Novemba). Kwenye grafu nukta inawekwa kwenye mstari wa 8, haisogezwi katikati wala haikaribishwi kwenye 9. Mama akisema "yuko mwezi wa tisa" hajakosea; mwezi wa tisa ndio anaoutembea, ila hajaumaliza. Mwaka ukivuka, ongeza 12 kwa kila mwaka kabla ya kutoa. Na aliyezaliwa tarehe 31, kwenye mwezi usio na 31 tumia siku ya mwisho ya mwezi huo.

Chanjo zina mtego mwingine: za mwanzo zinapangwa kwa wiki, za baadaye kwa miezi. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 huangukia siku ileile ya juma aliyozaliwa mtoto. Binti yetu alizaliwa Jumapili, kwa hiyo wiki 6 zilitimia Jumapili 4 Mei, na kliniki ni kuanzia Jumatatu. Dozi hizo zinahitaji kupishana angalau wiki 4, ndiyo maana anayewahi hurudishwa.

Shida huja pale mtu anapobeba hesabu ya wiki nne nne hadi kwenye surua, ambayo Tanzania na Kenya hutolewa miezi 9 na kurudiwa miezi 18. Wiki 36 za binti huyu zilitimia 30 Novemba. Miezi 9 inatimia 23 Desemba. Siku 23 nzima. Wanaohesabu kwa mwezi mwandamo, wenye siku 29 au 30, nao watawahi, ila kwa siku tisa hivi.

Kuwahi kuna ubaya gani? Mtoto huzaliwa na kingamwili za surua kutoka kwa mama. Hupungua polepole, na zikiwa bado nyingi huvidhoofisha virusi vya chanjo kabla mwili wa mtoto haujajifunza chochote. Ndiyo maana hata kwenye mlipuko, ambapo chanjo huweza kutolewa tangu miezi 6, dozi hiyo haihesabiwi na ya miezi 9 inabaki palepale. Kuchelewa nako kunamwacha bila kinga wakati ile ya mama imeisha.

Njiti wana umri wa aina mbili. Aliyezaliwa wiki ya 32 ya ujauzito amewahi wiki 8, na kwenye grafu wiki hizo hupunguzwa. Kwa chanjo, kwa kawaida hazipunguzwi: umri huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa.