Kifungu hatarishi ni nini? Kuusoma mkataba wa kazi kwenye picha za simu

Kifungu hatarishi ni sehemu ya mkataba inayoutwika upande mmoja mzigo usio na kikomo, au inayoupa upande wa pili uamuzi ambao hakuna wa kuuhoji. Si lazima kiwe kinavunja sheria. Vipo vifungu halali kabisa ambavyo ukivisaini bila kuvielewa vitakutesa, na vipo ambavyo sheria inavikataa waziwazi lakini vinaendelea kuchapwa kila mwaka kwa sababu wasainiji wengi hawasomi. Hapa Tanga watu husema tu "pana mtego hapo", na wanaeleweka.

Nimekuwa karani wa wakili kwa miaka mingi, na siku hizi mikataba ninayoombwa kusoma mara chache inafika ikiwa karatasi. Inakuja WhatsApp, picha tatu nne zilizopigwa haraka juu ya kaunta, zimefuatana na ujumbe: "Mjomba, nisomee, wanataka nisaini kesho." Nitaeleza kwa kutumia mkataba mmoja wa namna hiyo. Ni wa binti wa Makorora aliyepata kazi ya kutunza stoo katika ghala la vyakula vya jumla, mshahara shilingi 400,000 kwa mwezi. Ameniruhusu niusimulie bila kumtaja yeye wala mwajiri.

Kabla hujatafuta mtego kwenye maneno, zitazame picha zenyewe, maana ukurasa usiouona hauwezi kuusoma. Alinitumia picha nne. Chini ya ya kwanza paliandikwa "Ukurasa 1 wa 6", na picha ya mwisho ilikuwa ukurasa wa 6 wenye nafasi za sahihi. Wa 4 na wa 5 haukuwepo. Kifungu cha 5 nacho kilisema kwamba makosa ya nidhamu ni "kama yalivyoainishwa katika Kiambatisho B", na kiambatisho chenyewe hakuwa amepewa hata kukiona. Mtu akisaini hivyo anakubali kanuni asizozijua, na kesho ataambiwa kuchelewa dakika kumi ni kosa la kufukuzwa na kwamba alikubali mwenyewe. Kisha kwenye ukurasa wa 3 kivuli cha simu kilikuwa kimelalia tarakimu moja. Sikuweza kujua kama ni siku 1 au siku 7. Kwenye mkataba tarakimu moja inaweza kuwa ndiyo habari yote, kwa hiyo sikukisia.

Nikamwambia: "Mwanangu, rudi kapige upya, kurasa zote." Weka karatasi juu ya meza karibu na dirisha, mchana. Zima mwanga wa kamera, maana unaacha doa jeupe katikati ya maneno. Simu iwe juu ya karatasi moja kwa moja, isiinamie upande, na pembe zote nne zionekane. Kidole kinachoshika ukingo ndicho kinachoficha namba za vifungu. Ukimaliza, vuta picha uone kama wewe mwenyewe unaisoma tarakimu ndogo kuliko zote. Unapotuma, chagua "Document" badala ya kutuma kama picha ya kawaida, kwa sababu WhatsApp huibana picha ya kawaida na herufi ndogo zikafifia. Na namba ya NIDA ifunike kwa kipande cha karatasi. Anayekusomea vifungu haihitaji.

Picha zilizofuata zilikuja kamili, ila Kiambatisho B bado. Basi tuingie kwenye kifungu cha 7, ambacho ndicho kilichonifanya nimpigie simu badala ya kumwandikia:

"Mwajiriwa atawajibika kwa upotevu au uharibifu wowote wa mali ya stoo, na mwajiri atakata thamani yake kwenye mshahara bila kuhitaji taarifa ya awali."

Ni sentensi moja tu, lakini ina mitego mitatu. Wa kwanza ni neno "wowote". Halitofautishi mali iliyopotea kwa uzembe wake na mali iliyoliwa na panya, iliyolowa kwa sababu bati linavuja, au iliyoibwa usiku yeye yuko kwake amelala. Wa pili ni "thamani yake". Thamani gani, ya kununulia au ya kuuzia? Kifungu hakisemi, na asiposema aliyeandika, atakayeamua siku hiyo ni mwenye kikokotoo. Wa tatu ni "bila kuhitaji taarifa". Atajua amekatwa siku anapopokea mshahara pungufu, na hapo hana tena pa kujieleza.

Tukipigie hesabu. Tuseme imepotea mifuko kumi ya sukari ya kilo 50, na kila mmoja ulinunuliwa kwa 120,000. Hiyo ni 1,200,000, yaani mishahara yake ya miezi mitatu. Kwa maneno ya kifungu cha 7, mwajiri anaweza kumfanyisha kazi miezi mitatu bila kumpa hata senti. Na akihesabu kwa bei ya kuuzia, tuseme 135,000, deni linapanda hadi 1,350,000 bila mfuko mmoja kuongezeka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu hivyo. Inakubali mshahara ukatwe kufidia hasara, lakini kwa masharti yanayokwenda pamoja. Mfanyakazi awe amekubali makato. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Mwajiri amwandikie chanzo cha hasara, kiasi chake na jinsi alivyokokotoa. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kwa binti huyu robo ni 100,000. Hata ikithibitika kwamba sukari ilipotea kwa kosa lake, mwezi huo bado anapaswa kupokea 300,000, kabla ya makato mengine ya kisheria, na deni la 1,200,000 lingechukua mwaka mzima kuisha.

Hapa watu wengi hukosea, na wanakata tamaa mapema. Huambiwa, "Si ulisaini?" Sahihi yako inaweza kutimiza sharti moja tu, lile la kukubali. Haiyafuti mengine. Ukikatwa kinyume cha hayo, malalamiko yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa kawaida ndani ya siku 60 tangu mgogoro kutokea. Kwa kuachishwa kazi isivyo halali muda ni mfupi zaidi, siku 30. Lakini kesi inachukua muda na nauli, na kodi ya chumba haisubiri uamuzi. Ndiyo maana naona ni heri kubishana juu ya kifungu kabla ya kalamu kuliko baada ya makato.

Kifungu cha 11 ndicho kilichokuwa na ile tarakimu kivulini. Ilikuwa 7. Mwajiri anaweza kusitisha mkataba kwa taarifa ya siku 7, na mwajiriwa "atalazimika" kutoa taarifa ya siku 60 au kulipa mshahara wa miezi miwili. Siku 7 ni kiwango cha chini kwa mtu anayeachishwa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi. Baada ya hapo, anayelipwa kwa mwezi anastahili angalau siku 28. Wanaweza kukubaliana muda mrefu zaidi, ila uwe sawa kwa pande zote mbili. Kama ni 60 kwa mfanyakazi, basi ni 60 kwa mwajiri.

Kifungu hiki kinafundisha njia ya kusoma ambayo mimi huitumia kila mara. Nachukua vitenzi. Nikimkuta mwajiri ana "anaweza" na mfanyakazi ana "atalazimika", nasimama. Kisha nabadilisha majina, yaani mahali penye mwajiri naweka mwajiriwa, na penye mwajiriwa naweka mwajiri, halafu nasoma tena kwa sauti. Sentensi ikigeuka kichekesho ("mwajiriwa anaweza kuondoka wakati wowote kadiri atakavyoona inafaa"), mzigo umelalia upande mmoja. Si kila kifungu cha aina hiyo ni batili. Kile cha 9, kwa mfano, kilisema mwajiri anaweza kumhamishia kituo chochote cha kampuni. Hilo linaweza kukubalika, lakini yeye anamuuguza mama yake Makorora. Swali lilikuwa kampuni ina vituo wapi, na nauli na posho ya kuhama analipa nani.

Mikataba ya pango nayo husomwa hivyo hivyo. Jirani yangu wa Chumbageni alinionyesha mkataba unaosema kodi "inaweza kubadilika wakati wowote kulingana na soko", naye alikuwa amelipa miezi sita mbele. Nikamshauri aombe iandikwe kwamba kodi haipandi ndani ya miezi iliyokwisha kulipiwa, na baada ya hapo ipande kwa taarifa ya maandishi ya muda unaotajwa kwa namba.

Binti hakusaini siku ile. Alimwendea meneja na karatasi aliyoandika kwa mkono wake, ina mambo matatu tu, kwa sababu nilimwambia akipeleka kumi hatasikilizwa hata moja. Kuhusu kifungu cha 7 tuliandika: "Mwajiriwa atafidia upotevu uliosababishwa na kosa lake akiwa kazini, kwa bei ya kununulia iliyo kwenye ankara, baada ya kupewa maelezo ya maandishi na nafasi ya kujitetea, na makato hayatazidi robo ya mshahara kwa mwezi." Kuhusu cha 11, siku 28 kwa pande zote mbili. Na Kiambatisho B akipate kabla ya sahihi.

Meneja alikubali cha 7 na cha 11. Kwa kiambatisho alisema, "Hiyo ni kawaida tu, utaisoma ukishaanza." Binti akajibu kwa upole, "Bosi, nitaisaini siku nitakayoisoma." Kilitolewa Jumatatu, kurasa tatu, na kwenye ya pili palikuwa na faini ya 20,000 kwa kila siku ya kuchelewa. Imefutwa kwa mstari, na pembeni zipo sahihi fupi za wote wawili. Kila ukurasa, pamoja na ule wenye mstari, ameupiga picha siku ile ile waliyosaini, maana sahihi kamili iko ukurasa wa 6 peke yake, na kurasa tano za mbele zinaweza kubadilishwa bila mtu kugusa ile ya mwisho.