Kruzi kwenye gari la zamani: tunaanza kukagua kwenye waya wa breki

Wiki ya Nenda kwa Usalama inakaribia, na meza yetu ya ukaguzi imeanza kupokea magari ya miaka ya tisini yaliyofungwa kruzi za kununua. Malalamiko nayo yameongezeka: wenye magari wanasema tunayakataa bila sababu. Sababu ipo, na mara nyingi ni ileile. Kuna waya mmoja umeungwa pasipo pake.

Kwanza tuondoe dhana moja, maana nimechoka kuijibu dirishani. Kruzi si kidhibiti mwendo. Kidhibiti mwendo, kama kile cha mabasi, kinamzuia dereva asivuke kasi fulani. Kruzi inashika kasi aliyoichagua dereva mwenyewe, hata kama kasi hiyo ni kosa. Kwa hiyo msituletee risiti ya kruzi mkidai gari limefungwa spidi gavana. Wala hizi za kununua hazifungi breki. Ukiteremka Kitonga ikiwa imewaka, itaachia mafuta na kazi yake itakuwa imeishia hapo. Gari litaendelea kuongeza mwendo.

Nichukue gari moja tulilolipokea: Corolla ya 1998, gia otomatiki, injini ya 5A-FE. Ukifungua boneti unaona kebo ya chuma inayotoka kwenye pedali ya mafuta hadi kwenye throto, yaani mlango unaopitisha hewa kuingia kwenye injini. Gari la namna hiyo hufungwa mota ndogo yenye kebo yake, ambayo huvuta throto kando ya ile ya pedali. Kebo hiyo iachwe na ulegevu wa milimita chache. Ikikazwa, throto hairudi mwisho na injini hubaki ikizunguka kwa kasi hata gari likiwa limesimama.

Waya wa kasi hauna ugumu wowote. Unatoka kwenye sensa iliyo kwenye gia boksi kwenda kwenye dashibodi. Kwa magari mengi ya Kijapani ya enzi hiyo, shafti ya spidi huzunguka mara 637 kwa kilomita, na sensa hutoa mapigo 4 kila mzunguko, yaani mapigo 2,548 kwa kilomita. Vifaa vingi vya Kimarekani huhesabu kwa maili, na hesabu hiyo inakuwa kama 4,100, ndiyo maana fundi huchagua 4000 kwenye swichi ndogo za kifaa. Akiweka 8000, kifaa kitadhani gari linatembea nusu ya kasi yake. Kwa kuwa vingi havikubali kuwaka chini ya kilomita 40 au 50 kwa saa, chako kitagoma hadi ufike 80 au 100, nawe utasema umeuziwa kibovu.

Sasa breki. Swichi ya breki iko juu ya pedali na ina waya mbili kuu. Mmoja una volti 12 muda wote, ukitokea kwenye fyuzi iliyoandikwa STOP. Wa pili unakwenda kwenye taa za nyuma, na unapata umeme pale tu unapokanyaga. Kifaa cha Corolla ile kilikuwa na waya mwekundu wa kuunga upande wa kwanza, na wa zambarau wa kuunga upande wa pili. Rangi hutofautiana kwa kila kifaa, ila mpangilio wa namna hii ni wa kawaida.

Pedali ikiwa haijakanyagwa, ule wa zambarau unaipata ethi, yaani upande hasi wa betri, kupitia nyuzi za balbu za breki, na ndiyo inayokiambia kifaa kwamba pedali iko huru. Ukikanyaga, unapata volti 12 na kruzi inakata. Fyuzi ya STOP ikiungua, taa za breki hazitawaka na waya wa zambarau hautapata zile volti 12, hivyo kifaa hakitajua kwamba umekanyaga. Hapo ndipo kazi ya waya mwekundu inapoonekana: umeungwa baada ya fyuzi hiyohiyo, kwa hiyo nao unakufa, na kruzi inakataa kuwaka.

Kwenye Corolla ile fundi aliona shida kulala chini ya dashibodi. Akachukua umeme wa waya mwekundu nyuma ya redio. Barabarani kila kitu kilifanya kazi, na mwenye gari alikuwa ametoka Segera hadi Chalinze bila tatizo. Tulichofanya ni kuchomoa fyuzi ya STOP na kuweka mita kwenye waya mwekundu. Ilipaswa kusoma sifuri. Ikasoma 12.6. Maana yake fyuzi ile ikiungua njiani, dereva atakanyaga breki huku mota ikiendelea kuvuta throto, tena bila taa za nyuma kumwonya anayemfuata. Tulimwambia mwenye gari, naye akajibu kwamba fyuzi haijawahi kuungua.

Lalamiko la pili linawahusu waliobadilisha balbu za breki kuwa za LED. Hizo hazipitishi ethi kama balbu za nyuzi, kwa hiyo kruzi haiwaki kabisa. Baadhi ya mafundi huunga waya wa zambarau moja kwa moja kwenye bodi, na kruzi inawaka, lakini sasa breki haiikati tena. Kosa hilo hatuna mjadala nalo. Rudisha balbu moja ya kawaida, hata ile ya taa ya tatu ya breki. Au funga relei ya pini tano inayoupa waya huo ethi pedali ikiwa huru, na volti 12 ikikanyagwa. Gari la gia za mkono liongezewe swichi ya klachi, la sivyo siku utakayokanyaga klachi kruzi ikiwa imewaka injini itapiga kelele hadi mwisho.

Kama chini ya boneti hakuna kebo ya mafuta, pedali yako ni ya umeme. Ndani yake mna sensa mbili. Kwenye mchoro wa Toyota zimeandikwa VPA na VPA2; pedali ikiwa huru, ya kwanza husoma karibu volti 0.8 na ya pili karibu 1.6, na zote hupanda pamoja unapokanyaga. Kompyuta ya gari huzilinganisha muda wote. Fundi akikata waya mmoja na kuuingizia kifaa, tofauti inavurugika, taa ya injini inawaka kwa msimbo kama P2121 au P2138, na gari linabanwa nguvu. Nunua kifaa chenye soketi inayolingana na ya pedali yako, kikae katikati bila kukata waya. Waya za breki ni zilezile, na kanuni yake ni ileile.

Utaratibu wetu: njoo na gari likiwa na kifaa kilichokwisha kufungwa pamoja na karatasi ya maelekezo yake. Tunaangalia ulegevu wa kebo au soketi ya pedali, kisha fyuzi ya STOP inachomolewa na mita inawekwa. Tukikataa, sababu inaandikwa kwenye fomu. Marekebisho yakishafanyika tunaanza upya kwenye fyuzi, hata kama kilichokataliwa kilikuwa kitu kingine. Barabarani, askari akikuta taa za breki haziwaki, hilo ni kosa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, na faini ya papo hapo ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Mtaarifu pia mtoa bima wako kwa maandishi kabla ya kufunga, maana badiliko lisilotajwa linaweza kuibua hoja siku ya madai.

Mwenye Corolla alirudi baada ya siku mbili. Waya mwekundu ulikuwa umehamishiwa kwenye swichi ya breki, fyuzi ikachomolewa, mita ikasoma sifuri. Tukamwandikia fomu, kisha tukamrudishia fyuzi yake aliyokuwa ameisahau mezani.