Betri kilo moja, mafuta kilo moja: kwa nini ndege ya umeme haitoki Songwe hadi Dar

Swali hili huulizwa sana huku Mbeya: kama bajaji na mabasi yameanza kutumia umeme, ndege inashindwaje? Jibu la kawaida ni kwamba betri ni nzito. Ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu halisemi uzito huo unakula nini hasa. Nitachukua ndege moja tunayoifahamu viwanjani kwetu, Cessna Caravan, niihesabie safari za kutoka Songwe.

Tuanze na kilo moja ya kila kitu. Mafuta ya ndege, ambayo ni ndugu wa mafuta ya taa, yana nishati ya takriban kilowati-saa 11.9 kwa kilo. Seli nzuri ya lithiamu ina kama 0.25. Lakini ndege haibebi seli tupu. Seli zinafungwa kwenye kasha, zinawekewa mfumo wa kupoza, nyaya nene, kompyuta ya kuzilinda na kuta za kuzuia moto wa seli moja usirukie jirani yake. Ukipima betri nzima, unabaki na 0.18 hivi kwa kilo. Kwa hiyo mafuta yanaishinda betri mara 66.

Hapo watetezi wa umeme wana hoja ya haki. Injini ya turbini kama ile ya Caravan inapoteza joto jingi, na kinachofika kwenye shafti ya propela ni kama asilimia 23 tu ya nishati ya mafuta. Mota ya umeme pamoja na vifaa vyake vya kuiendesha hufikisha kama asilimia 90. Ukiingiza hilo kwenye hesabu, pengo linashuka kutoka mara 66 hadi mara 17 hivi. Ni nafuu kubwa, ila bado ni mara 17.

Sasa Caravan yenyewe. Uzito wake wa juu wa kuruka ni karibu kilo 3,970, na ikiwa tupu, na vifaa vyake vya kawaida, ni kama kilo 2,270. Inabaki nafasi ya kilo 1,700 kwa rubani, abiria, mizigo na nishati. Ikiwa angani kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, inakunywa karibu kilo 160 za mafuta kwa saa, na shafti yake inatoa kama kilowati 440. Songwe hadi Dar es Salaam kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 690. Mafuta ya safari ni kama kilo 400 pamoja na kupanda, na rubani akijaza ya akiba juu yake bado ana nafasi ya abiria.

Toa injini hiyo, weka mota ya umeme yenye uzito unaokaribiana nayo, kisha jaza betri. Tuseme kwanza hakuna abiria hata mmoja, ni rubani tu na kilo 1,600 za betri. Hiyo ni kilowati-saa 288. Lakini haitumiki yote: betri ikikaribia kuisha, volti zinaanguka pale unapodai nguvu nyingi, na kuimaliza kabisa kunaua seli mapema. Tuchukue asilimia 80. Ukitoa na hasara ya mota, kwenye shafti zinafika kilowati-saa 207. Kwa kilowati 440, ni dakika 28.

Anayependa kuhakiki kwa njia nyingine, kanuni ya umbali wa ndege ya umeme ni hii:

```
R = E × η × K × (mb / m) / g
```

R ni umbali kwa mita. E ni nishati inayotumika kwa kilo, kwa jouli (hapa 518,400), na η ni ufanisi kutoka betri hadi propela, tuseme 0.75. K ni uwiano wa nguvu ya kuinua na ukinzani wa hewa, kama 9 kwa Caravan inayokimbia. Sehemu ya betri katika uzito wote, mb / m, ni 0.4, na g ni 9.81. Jibu ni kilomita 143, sawa na zile dakika 28.

Na hapo ndipo tatizo kubwa linapojitokeza, nalo ni akiba. Ndege inayoruka mchana, rubani akijiongoza kwa macho, lazima ifike ikiwa na nishati ya kuruka dakika 30 zaidi. Hata ukipunguza mwendo hadi kilowati 250, akiba hiyo inataka kilowati-saa 125. Tulikuwa na 207, tumebaki na 82. Hizo ni dakika 11, umbali wa kilomita 55 hivi, bila kuhesabu gharama ya kupanda. Ukielekea mashariki hujafika Chimala. Kisha weka abiria tisa na mabegi yao, kilo 800, na utoe betri kwa uzito huohuo. Nishati inabaki nusu, 104 kwenye shafti. Haitoshi hata kwa akiba peke yake, yaani ndege hairuhusiwi hata kuondoka.

Ndiyo maana siachi kurudia kwamba akiba ni dakika, si asilimia. Kwa ndege ya mafuta inayokaa angani saa tano, dakika 30 ni kitu kidogo. Kwa ndege inayokaa angani dakika 28, akiba ndiyo safari yote.

Kuna jambo la pili. Mafuta yanaungua na kutoka, kwa hiyo ndege inazidi kuwa nyepesi, nguvu inayohitaji inapungua kila saa, na inatua ikiwa nyepesi. Betri ni gunia la viazi usiloweza kulishusha njiani: lina uzito uleule likiwa limejaa na likiwa tupu. Magurudumu, breki na muundo mzima lazima vihimili kutua na uzito wote wa kuondokea, na kuviimarisha kunaongeza kilo nyingine.

Kwenye nyanda zetu kuna nafuu moja. Viwanja vya Songwe na Nduli, Iringa, viko juu ya mita 1,300, na hewa nyembamba inapunguza nguvu ya injini za kawaida. Mota haivuti hewa, kwa hiyo haipungui. Hata hivyo bawa bado linataka mwendo mkubwa zaidi ili kuinuka, na asubuhi za Juni na Julai betri iliyolala nje kwenye baridi inatoa nguvu pungufu mpaka ipashwe joto. Hatari halisi iko mwishoni mwa safari: rubani akighairi kutua na kuhitaji nguvu zote ili apande tena, betri iko chini, volti zinaanguka, na kompyuta inaweza kubana nguvu ili kulinda seli. Dalili yake huonekana mapema kwenye kioo cha vipimo mbele ya rubani, volti zikishuka kwa ghafla kila mkono wa nguvu unaposukumwa. Betri iliyozeeka huonyesha hivyo hata ikiwa bado na chaji ya kutosha.

Yaliyokwisha kuruka yanakubaliana na hesabu hizi. Mei 2020, Caravan iliyowekewa mota ya umeme iliruka Moses Lake, Marekani, kwa dakika 30 hivi. Ndege iitwayo Alice, iliyobuniwa kwa umeme tangu mwanzo, iliruka huko huko Septemba 2022 kwa dakika 8. Pipistrel Velis Electro ya viti viwili, iliyopata cheti Ulaya mwaka 2020, inakaa angani hadi dakika 50 na akiba juu yake, kwa sababu ni nyepesi, kilo 600, na haiendi mbali. Kwa mwanafunzi wa urubani anayezunguka juu ya Nduli, kutua na kupaa, inafaa kabisa.

Je, betri ya namna gani ingewapeleka abiria tisa kutoka Songwe hadi Iringa, kilomita 300, na akiba? Kwa Caravan hiihii, kilo 800 za betri zingetakiwa kubeba karibu kilowati-saa 1 kwa kilo, zaidi ya mara tano ya iliyopo. Kwa Dar, karibu 2. Kwa hiyo ukikuta tangazo la ndege ya umeme ya kilomita 400, uliza mambo matatu: nishati iliyotajwa ni ya seli au ya betri nzima, akiba imo au haimo, na abiria walikuwa wangapi.